Nzi Hawazaliwi Mezani

Mtu akiingia jikoni na kukuta nzi ishirini wametua juu ya bakuli la sukari, jambo la kwanza alifanyalo ni kutwaa kitambaa au usinga na kuanza kuwapiga. Huwaua kumi, na wale kumi waliosalia hutoka mlangoni. Baada ya nusu saa nzi ni ishirini tena. Hapo mtu husema kwamba mwaka huu nzi wamezidi, ama kwamba ni majira yao, akaendelea kupiga. Ukweli ni kwamba nzi aonekanaye mezani amekwisha kumaliza sehemu kubwa ya kazi yake mahali pengine. Mkulima apaliliaye shamba kwa kukata majani ya juu na kuacha mizizi hashangai magugu yakirudi. Basi na apigaye nzi asishangae.

Mfano wa hoteli moja ndogo utalieleza jambo hili. Tuseme hoteli hiyo iko katika kituo cha biashara kisicho mbali na Kisumu, mahali penye joto. Mwenyewe ni mama wa makamo auzaye chai, mandazi, maharagwe na samaki. Jiko lake hufagiwa kila asubuhi na meza hupanguswa kila mteja aondokapo. Hata hivyo nzi wamejaa, na wateja wameanza kuvuka barabara kwenda kula kwingine. Tena wajukuu wake wawili walao jikoni humo wameharisha mara mbili katika mwezi mmoja.

Bwana Afya alipofika, mama yule alimwonyesha kopo la dawa ya kupuliza. "Mwanangu," akasema, "dawa hii nanunua kila mwisho wa mwezi, na nzi ni wale wale."

"Si wale wale, Mama," akajibu Bwana Afya. "Wale umewaua. Hawa ni wadogo zao. Nionyeshe pipa lako la taka, na mahali maji ya vyombo yapitapo."

Pipa lilikuwa nyuma ya jiko, nalo lilikuwa debe kubwa lisilo na kifuniko, lililowekwa juu ya udongo mtupu. Lilimwagwa kila Jumamosi. Siku ile ilikuwa Ijumaa. Bwana Afya aliyafukua maganda kwa kijiti, na chini yake palikuwa na funza weupe wakitambaa katika mabaki ya samaki na uji. Kisha akalisogeza debe na kuchimbua udongo wa chini yake kwa kina cha vidole viwili. Akatoa vitu vidogo vya rangi ya kahawia, vigumu, vyenye umbo la punje za mtama zilizorefuka kidogo. Mama yule alidhani ni mbegu. Kumbe kila punje ilikuwa na nzi ndani yake, akingoja kutoka.

Hapa ndipo ilipo siri yote ya nzi wa nyumbani. Jike hutaga mayai yapatayo mia moja au zaidi kwa mara moja, katika kitu chochote chenye unyevu kianzacho kuoza: taka za jikoni, samadi mbichi, au choo kisichofunikwa. Tena hutaga hivyo mara kadhaa maishani mwake. Penye joto mayai huanguliwa kabla ya siku moja kupita. Funza hula na kukua kwa muda wa siku nne mpaka saba. Kisha huiacha ile taka yenye majimaji, na kutafuta mahali pakavu pa kujificha, kama udongo ulio chini ya debe. Hapo ngozi yake hugeuka ganda gumu, na baada ya siku chache nzi kamili hutoka. Tangu yai mpaka nzi arukaye, katika joto kama la Kisumu, huweza kuwa siku saba mpaka kumi tu. Mahali penye baridi, kama Limuru mwezi wa Julai, siku hizo huongezeka sana.

Basi hesabu ya debe lile ni nyepesi. Taka zikikaa tangu Jumamosi mpaka Jumamosi, funza wa siku ya kwanza wamepata nafasi ya kushiba, kushuka na kujizika udongoni. Taka hutupwa, lakini nzi wamebaki nyumbani. Zikimwagwa kila siku ya tatu, funza hutupwa pamoja na chakula chao kabla hawajatoka. Tofauti hiyo ya siku nne ina nguvu kuliko usinga wa mwaka mzima, kwa maana nzi mmoja akipigwa ni nzi mmoja aliyekufa, lakini debe likimwagwa kwa wakati wake ni mamia ya nzi wasiozaliwa.

Bwana Afya aliagiza mambo manne juu ya pipa. Kwanza, limwagwe kila siku ya tatu bila kukosa. Pili, lisuguliwe ndani kwa maji na sabuni na kuachwa likauke juani, kwa sababu tope libakialo chini ya debe latosha kulea funza hata kama taka zimetupwa. Tatu, liwe na kifuniko kikazacho, na mabaki ya majimaji yachujwe na kufungwa katika gazeti kuukuu kabla ya kutiwa humo. Nne, likae juu ya sakafu ya saruji au jiwe pana, ili funza asipate udongo wa kujizika. Taka zenyewe zizikwe shimoni na udongo ushindiliwe kwa nguvu. Udongo mlegevu haumzuii nzi mchanga. Huupenya akatoka juu.

Lakini jikoni mle mlikuwa na wadudu wa namna nyingine pia. Hao walikuwa vinzi vidogo, visivyozidi milimita tatu, vyenye macho mekundu, vilivyorukaruka taratibu juu ya kikapu cha ndizi. Watu wengi hudhani kwamba ni watoto wa nzi wakubwa. Sivyo hata kidogo. Nzi akishatoka katika ganda lake haongezeki tena kimo. Mdogo hubaki mdogo. Vinzi hivi ni jamii nyingine, navyo huitwa nzi wa matunda. Havitafuti uozo wa nyama wala samadi. Vyatafuta kitu kinachochacha, kwa kuwa chakula chao hasa ni hamira iotayo katika tunda lililoiva kupita kiasi. Jike hutaga katika ufa wa ganda au mahali palipopondeka, na vinzi vipya hutoka baada ya siku kumi hivi kukiwa na joto la kadiri.

Mama yule alikwisha kuzitupa ndizi zilizooza mara mbili, na vinzi havikupungua. Hapo Bwana Afya alifanya jaribio ambalo kila mtu aweza kulifanya kwake. Jioni, vyombo vilipokwisha kuoshwa, alipaka mafuta ya kupikia ndani ya bilauri, akaifudikiza juu ya tundu la karo, mahali maji machafu yashukapo, akaiacha usiku kucha. Asubuhi vinzi kumi na moja vilikuwa vimenasa katika mafuta. Havikuweza kutoka katika ndizi. Vilitoka chini, katika bomba.

Sababu yake ni hii. Kila siku maji ya vyombo hushuka na chembe za uji, sukari na maji ya matunda. Chembe hizo hushika kando ya bomba na kufanya utando mzito wenye utelezi. Utando huo huchacha, nao ni kitalu kizuri cha vinzi. Pengine katika bilauri hunaswa mdudu mwingine, mwenye mabawa mapana yenye manyoya, mfano wa nondo mdogo. Huyo ni nzi wa mifereji. Naye hukulia katika utando uo huo, na dawa yake ni ile ile. Bilauri ikiwa tupu kwa usiku tatu au nne mfululizo, bomba halina hatia. Na hapo yafaa kutafuta kwingine: kitambaa chenye unyevu nyuma ya mlango, chupa tupu za soda, au ndizi moja iliyoanguka nyuma ya gunia.

Watu wengi humwaga maji ya moto katika tundu na kudhani kwamba kazi imekwisha. Maji ya moto huua wachache walio juu, lakini utando hubaki, na funza walio ndani yake hujificha humo. Utando hauna budi kusuguliwa. Mama yule alitumia burashi yenye mpini mrefu, sabuni na maji ya moto, akasugua bomba mpaka mkono ulipofika, kisha akasugua na mchirizi wa nje uendao kwenye shimo la maji. Katika mchirizi palikuwa na ufa wa saruji uliojaa masizi na wali. Ukakwanguliwa na kuzibwa. Baada ya hapo kazi ilikuwa kusugua mara moja kila juma.

Juma la kwanza lilipokwisha, mama alilalamika kwamba hakuona tofauti. Jambo hili huwavunja moyo watu wengi, nalo halina ajabu. Nzi wakubwa waliokwisha kuzaliwa huishi majuma mawili au matatu, na wale waliokuwa katika maganda udongoni walikuwa bado wakitoka. Katika juma la tatu ndipo mabadiliko yalipoonekana: vinzi vilikwisha kabisa, na nzi wakubwa walipungua wakawa wa kuhesabika.

Hawakwisha wote. Hatua mia mbili kutoka hapo jirani alikuwa na zizi la ng'ombe, na samadi yake ilitawanyika kila mahali. Nzi huweza kuruka kilometa moja na zaidi, basi usafi wa nyumba moja una mpaka wake. Jirani aliombwa akusanye samadi kila siku katika chungu kimoja kilichoshindiliwa na kufunikwa barabara, kwa kuwa joto la ndani ya chungu huwaua funza, na samadi iliyotunzwa hivyo huwa bora kwa shamba. Mpaka hapo atakapokubali, chakula hakina budi kufunikwa, maana nzi hawezi kutafuna: hutapika mate juu ya chakula ili kukilainisha, na miguu yake hubeba alichokanyaga chooni. Ndivyo viletavyo kuhara damu na homa ya matumbo.

Na dawa ya kupuliza? Kabla ya mwaka 1950, huko Uswidi na Italia, palikwisha kuonekana nzi ambao D.D.T. haikuwaua tena, kwa sababu wachache waliostahimili ndio waliozaa. Kopo la mama yule lilibaki rafuni likiwa nusu, na usinga ulikuwa bado na kazi kwa nzi wawili watatu waingiao mlangoni. Lakini kila siku ya tatu asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, debe lilikuwa kwanza.