Vihatarishi Kazini: Mchanganuo, Viashiria, Mpango wa Dharura na Mpango wa Akiba

Kihatarishi ni tukio ambalo halijatokea, lakini likitokea litavuruga lengo la kazi. Mada hii huwachanganya watahiniwa kwa sababu maneno yake yanafanana. Tuyatenganishe kwa kutumia kazi moja, kisha ujipime kwa mikasa miwili mifupi.

Chukulia kiwanda cha kuchakata sangara mjini Musoma. Minofu iliyogandishwa inahifadhiwa kwenye chumba cha baridi chenye nyuzi joto −20, ikisubiri kusafirishwa. Mkataba na mnunuzi unasema minofu isipate joto kupita nyuzi −15. Meneja anaorodhesha vihatarishi vyake ovyo ovyo: umeme kukatika, mashine ya baridi kuharibika, mnunuzi kukataa mzigo, wakata minofu kugoma. Orodha hiyo ina kasoro moja: haionyeshi kilichosahaulika.

Hapo ndipo mchanganuo wa vihatarishi kwa ngazi unapohitajika. Unachorwa kama mti wa ukoo. Juu kabisa ni kazi yenyewe. Ngazi ya kwanza ni vyanzo vikubwa, kwa mfano vya kiufundi, vya nje, vya ndani ya taasisi na vya usimamizi. Ngazi ya pili inagawa kila chanzo: vya nje vinazaa umeme, hali ya hewa, masoko na sheria. Ngazi ya tatu ndiyo yenye kihatarishi chenyewe. Meneja wetu akifika kwenye tawi la sheria na kulikuta tupu, analazimika kujiuliza. Tawi hilo si la kufikirika. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa kutumia sumu, na viwanda vilivyoitegemea Ulaya vikakosa soko hata pale ambapo mashine zao zilikuwa nzima.

Angalia jambo ambalo watahiniwa wengi hulikosea. Matawi hupangwa kwa chanzo, si kwa matokeo. "Samaki kuharibika" si tawi, kwa kuwa ni matokeo. Samaki wanaweza kuharibika kwa sababu umeme wa TANESCO umekatika (chanzo cha nje), kwa sababu mashine ya baridi imekufa (kiufundi), au kwa sababu mlinzi ameacha mlango wazi (chanzo cha ndani). Hasara ni ileile, lakini kinga ni tatu tofauti. Ukiulizwa kihatarishi fulani kinakaa tawi gani, jiulize: kimeanzia wapi?

Sasa tuje kwenye kiashiria. Hii ni dalili inayoonyesha kuwa kihatarishi kinatokea au kinakaribia kutokea, na ndiyo inayoamuru mpango uanze. Kiashiria kizuri kinapimika, kina mtu wa kukiangalia, na kinabakiza muda wa kutenda. "Hali ikiwa mbaya" si kiashiria, maana kila mtu ana ubaya wake. "Umeme ukikosekana kwa dakika 10" ni kiashiria. Tangazo la TANESCO kuhusu matengenezo ya Jumamosi nalo ni kiashiria, tena bora zaidi, kwa sababu linakuja kabla: fundi anajaza dizeli Ijumaa.

Kiwanda kimeandika hivi: umeme ukikosekana kwa dakika 10, fundi wa zamu awashe jenereta. Huo ni mpango wa dharura. Umeandaliwa mapema, fedha na vifaa vyake vimetengwa, na unangoja kiashiria cha kihatarishi chenyewe. Usidanganywe na neno "dharura" ukadhani ni kitu cha kubuniwa wakati wa taharuki.

Je, jenereta ikikataa kuwaka? Kiwanda kina makubaliano na mwenye lori la baridi aliyeko Bunda, aje ahamishe mzigo. Huo ni mpango wa akiba. Nao umeandaliwa mapema, ila haungoji umeme kukatika. Unangoja mpango wa kwanza ushindwe. Tofauti yote iko hapo: mpango wa dharura hujibu kihatarishi, mpango wa akiba hujibu kushindwa kwa jibu la kwanza.

Kwa hiyo mpango wa akiba unahitaji kiashiria chake, na hiki hukokotolewa, hakikisiwi. Tuseme lori huchukua saa moja na nusu kufika kutoka Bunda, na kupakia ni saa mbili na nusu. Jumla ni saa 4. Tuseme pia mlango ukifungwa, chumba hupanda nyuzi moja kila baada ya saa 2. Katika saa 4 kitapanda nyuzi 2. Mpaka wetu ni −15, hivyo lori lazima liitwe kabla kipimajoto hakijapita −17. Lakini wakati wa kupakia mlango uko wazi na joto hupanda haraka zaidi, kwa hiyo tunaongeza nyuzi moja ya usalama. Kiashiria kinakuwa: jenereta haijawaka na chumba kimefika −18. Kutoka −20, fundi ana kama saa 4 za kuhangaika na jenereta, baada ya hapo anapiga simu hata kama anaamini itawaka dakika tano zijazo. Makosa ya kazini mara nyingi huanzia kwenye hizo "dakika tano".

Jambo moja zaidi. Mpango wa akiba usishiriki udhaifu wa mpango wa kwanza. Kiwanda kingenunua jenereta ya pili inayonyonya dizeli kutoka tangi lilelile, dizeli chafu ingezima zote mbili. Kwenye karatasi ingeonekana kuna mipango miwili, ilhali ni mmoja.

Jipime.

Mkasa wa kwanza, Bunda. Kiwanda cha kuchambua pamba kimerundika pamba mbegu uani. Mvua inanyesha bila kutarajiwa, na hakuna turubai. Msimamizi anakimbia kuomba nafasi katika ghala la jirani, na kwa bahati anapewa. Ni mpango gani?

Si wa dharura wala wa akiba. Hakuna kilichoandaliwa, ni ufumbuzi wa papo hapo, na ukiandika "mpango wa dharura" utakosa alama hata kama pamba imeokoka. Kiwanda kilichojipanga kingekuwa na turubai na kiashiria, mathalani wingu zito likionekana kabla ya saa 10 jioni. Kingekuwa pia na mtu wa kutia mkono ndani ya rundo kila asubuhi, kwani pamba yenye unyevu hupata joto kwa ndani na nyuzi zake hubadilika rangi.

Mkasa wa pili, Butiama. Mafundi wanachimba mtaro wa bomba la maji ya ziwa linalotoka Mugango. Wameandika: mtaro ukipungua mita 500 kwa wiki, kwa wiki mbili mfululizo, tunakodi katapila la pili. Masika yanakuja, wanalikodi, lakini wiki mbili baadaye bado wako chini ya mita 500 kwa sababu bondeni udongo unabomoka. Kama walivyokubaliana tangu mwanzo, wanahamishia mitambo yote kwenye sehemu za miinuko na kuliacha bonde mpaka kiangazi.

Kihatarishi ni mvua kuchelewesha uchimbaji, tawi la nje, hali ya hewa. Kiashiria ni wiki mbili chini ya mita 500. Katapila la pili ni mpango wa dharura. Kuhamia miinuko ni mpango wa akiba, na kiashiria chake ni wiki mbili nyingine chini ya kiwango baada ya katapila kuongezwa. Mtahiniwa atakayesema kuhamia miinuko ni mpango wa dharura "kwa sababu mvua imenyesha" amesahau kuwa mvua ilishajibiwa na katapila, na katapila likashindwa.