Wasifu wa fundi gereji

Fundi akiandika kwenye wasifu wake "natengeneza magari ya aina zote", msimamizi wa gereji haoni kitu cha kushika. Aandike "Toyota IST, Noah na Probox, servisi nane, breki sita na klachi mbili kwa wiki", na mwenye gereji atajua mara moja benchi la kumweka. Idadi hizo zitoke kwenye daftari la kazi, kwa sababu mtu ataulizwa klachi moja humchukua saa ngapi.

Sehemu ya vifaa ndiyo inayowaumbua wengi. Kumiliki mashine ya kusoma kodi si kujua kutafuta ubovu. Chukua IST inayotetemeka ikiwa sailensa, mashine ikionyesha P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi vizuri. Mbahatishaji hununua koili mpya papo hapo. Fundi huhamishia koili ya silinda ya kwanza kwenye ya pili, anafuta kodi, anawasha tena. Ikija P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, anageukia plagi, nozeli na kompresheni. Mistari miwili ya kisa kama hicho kwenye wasifu hushinda orodha ndefu ya vifaa.

Majukumu nayo yaandikwe kwa vitendo: kupokea gari na kuandika kadi ya kazi, kuagiza spea, kusimamia wanagenzi, kulijaribu gari barabarani kabla mteja hajakabidhiwa ufunguo. Hili la mwisho wengi hulisahau, ingawa ndilo linalopunguza magari yanayorudishwa.