Mtoto Asiyelia: Sanda, Jina na Pole Katika Mwambao

Mtu mzima akifariki Mombasa, Lamu au Unguja, kila mtu anajua la kufanya. Msikitini patatangazwa, viti vitapangwa barazani, masufuria yatatoka stoo, na kabla ya Alasiri maiti imeshazikwa. Mimba ikiharibika, au mtoto akizaliwa bila kulia, watu hushusha sauti. Baba huenda makaburini na wanaume wawili watatu, mama hulazwa chumbani, na mgeni akiuliza huambiwa kwamba Mungu hakujaalia. Mengi yanayomstahiki mtoto huyo, na yanayowastahiki wazazi wake, hupotea katika haraka hiyo. Hayapotei kwa kuwa dini haikuyasema. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa mwambao tunayafuata, yanayo maneno ya wazi juu ya mtoto huyu tangu mimba ikiwa changa.

Jambo la kwanza ni umri. Wanazuoni wanaangalia siku 120 tangu mimba kutunga, kwa sababu hadithi sahihi inasema roho hupulizwa baada ya miezi minne, na wanaangalia pia kama umbo la binadamu limeonekana. Hapa ndipo familia nyingi hukwama, maana kadi ya kliniki haihesabu hivyo. Mkunga wa hospitali huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kiasi cha wiki mbili kabla ya mimba kutunga. Kwa hiyo siku 120 za wanazuoni zinaangukia karibu na wiki ya 19 ya kadi, wala si wiki ya 17.

Chukua mfano wa mama ambaye kadi yake ilisoma wiki 22 alipojifungua mtoto wa kike ambaye hakulia wala hakutikisika. Toa wiki mbili, zinabaki 20, yaani siku 140. Umri umepita na umbo limekamilika, vidole hadi kucha. Kwa Shafi mtoto huyu anaoshwa, anavishwa sanda na anazikwa, na yote hayo ni wajibu. Sala ya jeneza haisaliwi, kwa kuwa hakuonyesha dalili ya uhai. Angelia mara moja tu, au angetikisika, angesaliwa kama mtu mwingine yeyote. Ndugu wa upande wa baba waliona uchungu kusikia kwamba hasaliwi, wakataja kwamba madhehebu ya Hanbali humsalia aliyetimiza miezi minne. Ni kweli, na kwao ni kauli yenye nguvu, lakini imamu wa mtaa alishika njia ya Shafi na wazazi wakaridhika. Mgogoro mkubwa zaidi hutokea mimba ikiwa imepita miezi sita. Ramli, katika ufafanuzi wake wa Minhaji ya Nawawi, anasema huyo haitwi tena mimba iliyoharibika, bali ni mtoto, na atatendewa yote pamoja na kusaliwa hata kama hakulia. Ibn Hajar, aliyefafanua kitabu hicho hicho, hakukubali. Masheikh wetu wamesoma kwa wote wawili, kwa hiyo usishangae misikiti miwili ya mji mmoja ikijibu tofauti. Afadhali baba amuulize imamu mapema, kuliko mabishano kuanza pembeni mwa kaburi.

Mimba iliyotoka kabla umbo halijaonekana haina wajibu wa kuoshwa. Inapendekezwa ifungwe kwa kitambaa safi na kuzikwa mahali pasipokanyagwa. Hospitalini ni lazima familia iseme mapema kwamba inataka kukabidhiwa kilichotoka, kwa sababu asipouliza mtu, huenda kikaondolewa pamoja na taka za wodi. Nimewaona wazazi wanaoumia kwa hilo kuliko kwa mimba yenyewe.

Turudi kwa yule mtoto wa wiki 22. Watu wengi hudhani mama hana nafasi katika kumhudumia, kwa kuwa wanawake wetu hawaendi makaburini. Lakini sheria inaruhusu mtoto mdogo aoshwe na wanaume au wanawake, awe wa kike au wa kiume. Kwa hiyo aliyemuosha alikuwa bibi yake, mzaa mama, akisaidiwa na mwosha wa mtaa, na mama mwenyewe aliketi kwenye kiti akishika kikopo cha maji. Maji ya kwanza yalichanganywa na majani ya mkunazi yaliyopondwa, ya mwisho yakatiwa karafuu maiti kidogo. Mwosha hakusugua. Mtoto aliyekaa tumboni siku kadhaa baada ya kufa huwa ngozi yake imelainika na huchubuka kwa kuguswa tu, kwa hiyo maji humiminwa taratibu kwa kiganja. Ngozi ikiwa inabanduka kabisa, na maji yatazidi kumharibu, anatayamamishwa kwa udongo na inatosha. Si pungufu, na mwosha mzuri humweleza mama hivyo palepale ili asije akabaki na shaka.

Sanda yake ilikuwa kipande cha bafta kisichofika mita moja. Nguo moja inayomfunika mwili mzima inatosheleza. Bibi alipaka marashi na kumfukiza udi, kisha akamuweka mikononi mwa mama kabla kitambaa cha uso hakijafungwa. Dakika hizo hazimo katika masharti ya vitabu, lakini hakuna kinachozikataza, na kwa maoni yangu ndizo zinazopaswa kulindwa kuliko jambo lolote la siku ile. Mama ambaye hakumuona mtoto wake hubaki akimuulizia kila mtu sura yake.

Ndipo likaja suala la jina. Shangazi mmoja alisema jina ni la aliyevuta pumzi, na siku ya saba haikufika. Hivyo ndivyo wengi tunavyodhani, na sivyo. Nawawi, katika kitabu chake cha Adhkari, anasema ni sunna kumpa jina mtoto aliyeharibika. Na kwa wale ambao haijulikani kama ni wa kike au wa kiume, anashauri jina linalofaa wote wawili, na anataja mifano kama Asmaa, Hindi, Talha na Kharija. Huyu wetu alijulikana ni wa kike, na wazazi walimwita Asmaa vilevile. Jina halihitaji karamu wala mbuzi. Baba alilitamka mbele ya waliokuwapo, na likaandikwa kwa rangi kwenye ubao wa kaburi. Ninasisitiza jina kwa sababu moja: bila jina, watu hawana namna ya kumtaja mtoto huyu kwa mama yake, na baada ya mwezi mmoja hawamtaji kabisa.

Kaburi la mtoto kama huyu huchimbwa dogo, lakini dogo halimaanishi la kina kifupi. Kipimo ni harufu isitoke na wanyama wasifukue, na mchimbaji anayefanya haraka kwa kuwa maiti ni nyepesi anakosea. Hakukuwa na jeneza. Baba alimbeba mikononi, akiwa amefunikwa kwa kanga ya mama juu ya sanda, na kanga ikarudi nyumbani. Alilazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso ukielekea kibla, mbao zikapangwa, na kila mmoja akatupa udongo mara tatu. Talakini haikusomwa, maana hasomewi aliye mdogo kuliko umri wa kuwajibika. Waliohudhuria waliwaombea wazazi subira na badali, na wakamuomba Mungu amfanye mtoto kuwa mtangulizi wao, kama waumini wanavyoomba wanapomsalia mtoto mdogo.

Nyumbani kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mwili wa mama haujui kwamba mtoto hayupo. Mkandaji alikuja asubuhi kama anavyokuja kwa mzazi yeyote, akamkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa kanga, na uji wa pilipili manga ukapikwa. Wako wanaosema hayo ni ya mwenye mtoto tu, na kumnyima mama huyu. Ni kosa, kwa sababu amezaa. Siku ya tatu matiti yalijaa. Hilo humkuta mama ghafla na humuumiza kuliko anavyotarajia, kwa hiyo mkandaji alimwandaa kabla. Zamani matiti yalikazwa kwa kanga kwa nguvu, lakini wakunga wa leo wanashauri sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha baridi, na kukamua kidogo tu pale anapoumia, ili maziwa yapungue yenyewe.

Kisheria damu yake ni nifasi. Kwa Shafi hata mimba iliyokuwa pande la nyama, ikiwa wakunga wamethibitisha kuwa ni asili ya mtoto, damu inayofuata ni nifasi. Kwa kawaida hudumu siku 40, na haizidi 60, wala haina kiwango cha chini. Hapa mila ya arobaini na sheria huachana. Damu ikikatika siku ya kumi, mama anaoga na kusali, hana haja ya kungoja. Kubaki ndani na kutunzwa hadi arobaini ni jambo jema, mradi asiambiwe kwamba sala zake zinasubiri.

Matanga ya siku tatu hayakufanywa, lakini watu walikuja kwa makundi madogo, na hili nililipenda. Walileta sukari, unga na ubani, wakaketi kidogo, wakaondoka. Kilichomuumiza mama kilikuwa maneno. "Utapata mwingine." "Bora hukumzoea." Na swali la chini kwa chini kama alibeba ndoo nzito, au kama kuna jicho. Ugeni wa pole si mahali pa kutafuta mkosaji, na hakuna anayejua sababu. Aliyesema vizuri kuliko wote alikuwa jirani aliyeingia, akamshika mkono na kusema, "Pole mwanangu, Mungu akupe subira kwa Asmaa." Mama alilia, na hakuna aliyemkataza. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahimu, aliyekufa akiwa bado ananyonya, na sahaba mmoja alipostaajabu alimwambia kwamba machozi ni rehema. Kinachokatazwa ni kupiga mayowe na kujichana, wala si kulia.

Baba alisahaulika, kama wanavyosahaulika akina baba wengi. Pale barazani wanaume walizungumza naye habari za gharama za hospitali na bei ya bafta, na baada ya siku mbili akarudi kazini. Mjomba wake pekee ndiye aliyemchukua baada ya Isha, wakatembea hadi ufukweni, akamuacha aseme alivyombeba mtoto. Ziara ya namna hiyo ingefanywa na imamu pia, na marafiki zake wa msikitini, na ingefaa irudiwe karibu na tarehe ambayo mtoto alitarajiwa kuzaliwa, kwa kuwa siku hiyo wazazi wote wawili huikumbuka na jamaa huwa wameshaisahau.