Sekunde Isiyoteleza

Kengele ya shule iliyofungwa Jumatatu ikalia saa 2:00 kamili asubuhi, halafu Ijumaa ikalia saa 2:17, haina ugonjwa wa nyaya wala wa rilei. Ugonjwa wake uko kwenye mstari mmoja wa programu, na fundi yeyote aliyeanza kujifunza Arduino ameuandika: `delay(1000)`. Mstari huo unaiambia bodi ingoje milisekunde 1,000, yaani sekunde moja. Bodi inatii. Ikimaliza kungoja inaongeza sekunde moja kwenye hesabu yake, inaandika saa kwenye skrini, inatazama kama kuna kitufe kilichobonyezwa, kisha inarudi kungoja tena.

Kazi hizo ndogondogo nazo zina muda wake. Zikichukua milisekunde 3 tu, kila "sekunde" ya kengele inakuwa sekunde 1.003. Siku nzima ina sekunde 86,400, kwa hiyo upungufu unazidi dakika 4 kwa siku. Kutoka Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa asubuhi ni siku 4, na hapo dakika 17 zimeshapotea.

Ni sawa na mgonjwa aliyeagizwa kumeza dawa kila baada ya saa 8, naye akawa anahesabu saa 8 kuanzia dakika aliyomaliza kumeza. Akichelewa robo saa mara moja, dozi zote zinazofuata zinachelewa robo saa, na kila uchelewaji mpya unapanda juu ya ule wa zamani. Angefuata saa ya ukutani, kuchelewa kwa leo kusingegusa dozi ya kesho. Kengele nayo inahitaji kitu cha kuhesabu kisichojali programu imeshughulika na nini.

Kitu hicho tayari kimo ndani ya chipu. Arduino Uno ya kawaida inaendeshwa na ATmega328P, chipu iliyobuniwa na kampuni ya Atmel, ambayo Microchip iliinunua mwaka 2016. Chipu hii ina taima tatu: Timer0, Timer1 na Timer2. Kila taima ni kaunta ya vifaa halisi, sakiti inayoongeza moja kwa kila pigo la saa ya chipu bila kuomba ruhusa ya programu. Timer0 tayari ina mwenyewe, kwa sababu `delay()` na `millis()` zinaitegemea, na kuichezea ni kujitafutia balaa. Timer1 ndiyo inayofaa hapa. Ina biti 16, hivyo inahesabu kuanzia 0 hadi 65,535, wakati zile mbili zinaishia 255.

Kaunta ikiachwa hivyo itapanda hadi mwisho na kuanza upya, jambo lisilomsaidia mwenye kengele. Ndipo linapokuja suala la kulinganisha. Katika hali iitwayo CTC, fundi anaandika namba anayoitaka kwenye rejista ya `OCR1A`. Kila kaunta inaposogea, sakiti inailinganisha na namba hiyo. Zikilingana, mambo mawili hutokea: kaunta inarudi sifuri yenyewe, na bendera ya biti moja inainuliwa ili kuijulisha chipu. Bendera hiyo ikiruhusiwa kuleta katizo, chipu inaacha kwa muda mfupi kazi iliyokuwa ikifanya, inakimbilia kipande maalumu cha programu, ikikimaliza inarudi palepale ilipoachia.

Sasa hesabu. Saa ya Uno inapiga mara 16,000,000 kwa sekunde, na Timer1 haiwezi kufika huko. Kwa hiyo mapigo hupitishwa kwanza kwenye kigawanyo, na chipu inatoa chaguo la 1, 8, 64, 256 au 1024. Ukigawa kwa 64 unabaki na mapigo 250,000, ambayo bado hayaingii. Ukigawa kwa 256 unapata 62,500, yanaingia bila baki, na kila hatua ya kaunta inakuwa mikrosekunde 16. Kigawanyo cha 1024 nacho kinatoa namba kamili, 15,625, lakini hatua zake ni pana, mikrosekunde 64 kila moja. Faida ya hatua nyembamba itaonekana baadaye, wakati wa kurekebisha.

Namba ya kuandika kwenye `OCR1A`, hata hivyo, ni 62,499. Kaunta inaanza na sifuri, na sifuri nayo ni hatua, hivyo kutoka 0 hadi 62,499 kuna hatua 62,500. Anayeandika 62,500 anapata sekunde yenye mikrosekunde 16 za ziada. Kosa hilo halionekani mezani, maana linakula sekunde 1.4 tu kwa siku, lakini baada ya mwezi kengele itakuwa imechelewa zaidi ya sekunde 40, na fundi atabaki akilaumu bodi.

Programu yenyewe ni fupi:

```
volatile uint32_t sekunde = 0;

ISR(TIMER1_COMPA_vect) {
  sekunde++;
}

void setup() {
  noInterrupts();
  TCCR1A = 0;
  TCCR1B = 0;
  TCNT1  = 0;
  OCR1A  = 62499;
  TCCR1B = (1 << WGM12) | (1 << CS12);
  TIFR1  = (1 << OCF1A);
  TIMSK1 = (1 << OCIE1A);
  interrupts();
}
```

Biti ya `WGM12` ndiyo inayochagua CTC, `CS12` inachagua kigawanyo cha 256 na kuianzisha kaunta, na `OCIE1A` inaruhusu katizo. Mstari wa `TIFR1` unashusha bendera iliyokuwa imeinuliwa kabla, ili katizo la kwanza lisije kabla ya wakati wake. Kwa mtindo wa ajabu wa chipu hizi, bendera hushushwa kwa kuandikiwa 1.

Mstari unaosahaulika zaidi ni `TCCR1A = 0`. Wengi huuona kama pambo, lakini mazingira ya Arduino huwa yameshaigusa Timer1 kabla ya `setup()` kuanza, kwa kuiandaa kwa ajili ya kufifisha taa kwenye pini 9 na 10. Biti iliyoachwa humo ikikutana na `WGM12`, taima haingii CTC. Inaingia hali nyingine ambayo kaunta inaishia 255. Namba 62,499 haifikiwi kamwe, katizo haliji, na programu inakaa kimya bila kutoa kosa lolote. Anayeona hesabu yake imeganda kwenye sifuri aanze kutazama hapo. Maktaba ya `Servo` nayo huitumia Timer1, hivyo mradi mmoja hauwezi kuwa na vyote viwili kwenye Uno.

Mtu anaweza kuuliza: kama chipu ilikuwa katikati ya katizo jingine wakati bendera inainuka, si sekunde itachelewa? Itachelewa kuhesabiwa, ndiyo, kwa mikrosekunde kadhaa. Lakini kaunta ilisharudi sifuri yenyewe na inaendelea kupanda, kwa hiyo katizo linalofuata litakuja kwa wakati wake uleule. Uchelewaji haurithiwi. Mpaka wake ni kwamba bendera ni biti moja tu, na haiwezi kukumbuka mara mbili. Programu ikizuia makatizo kwa muda unaozidi kipindi kizima, tukio moja linapotea. Kwa kipindi cha sekunde moja ni vigumu kufika huko, ila kwa kipindi cha milisekunde moja ni rahisi mno. Ndiyo sababu ndani ya katizo huwekwa kazi ndogo kabisa, kama kuongeza namba. Kupiga kengele kwa sekunde 10 ni kazi ya programu kuu, na `delay()` haina nafasi ndani ya katizo, kwa kuwa yenyewe inategemea katizo la Timer0.

Kuna mtego mwingine, huu wa kusoma. ATmega328P hushika baiti moja kwa wakati, na `sekunde` ina baiti nne. Tuseme hesabu ni 255. Programu kuu inasoma baiti ya kwanza, inapata 255. Papo hapo katizo linaingia na hesabu inakuwa 256. Programu inarudi kusoma baiti ya pili, inakuta 1, na kwa kuunganisha inapata 511. Kengele inaruka zaidi ya dakika 4 mbele kwa mara moja, kisha usomaji unaofuata unarudi sawa. Kosa la namna hii linaweza kutokea mara moja kwa wiki na kumkosesha fundi usingizi. Dawa yake ni mistari mitatu:

```
noInterrupts();
uint32_t s = sekunde;
interrupts();
```

Hapo programu imemaliza sehemu yake, na swali linahamia kwenye hayo mapigo 16,000,000: je, ni 16,000,000 kweli? Kwenye Uno R3 kuna kidude cha fedha kinachong'aa chenye maandishi 16.000, na wengi hudhani ndicho saa ya ATmega. Kumbe kile ni kristali ya kwatzi ya chipu ya USB. ATmega yenyewe inapigiwa na kidude kidogo cha kauri, ambacho kinaweza kukosea hadi takriban nusu asilimia. Nusu asilimia ya siku ni sekunde 432, dakika 7 na ushei, na kosa hilo linabadilika kadiri joto linavyopanda na kushuka. Usahihi wote wa `OCR1A` unamezwa hapo. Kwa kengele, bodi ambayo ATmega yake inatumia kristali ya kwatzi ni chaguo bora zaidi.

Kwatzi nayo hukosea, ila kidogo, na kosa lake lina utulivu wa kutosha kupimika. Hauhitajiki mtambo wa maabara. Hesabu ya bodi inalinganishwa na saa ya simu inayorekebishwa na mtandao, kwa wiki moja. Tuseme baada ya siku 7 bodi imehesabu sekunde 28 zaidi ya simu, yaani inakimbia kwa sekunde 4 kila siku. Kila hatua inayoongezwa kwenye `OCR1A` inarefusha sekunde kwa mikrosekunde 16 na kupunguza sekunde 1.38 kwa siku. Hatua 3 zinapunguza 4.15. Namba mpya ni 62,502, na kosa linalobaki halifiki sehemu ya tano ya sekunde kwa siku. Kwa kigawanyo cha 1024, hatua moja tu ingekuwa sekunde 5.5 kwa siku, na marekebisho haya yasingewezekana.

Anayetaka kubadilisha namba hiyo bodi ikiwa kazini afanye hivyo ndani ya katizo lenyewe, wakati kaunta ndiyo kwanza inatoka sifuri. Katika CTC namba mpya hushika palepale. Kama kaunta imeshaipita, itapanda hadi 65,535 kabla ya kurudi, kisha italazimika kupanda tena hadi namba mpya, na sekunde hiyo moja itakuwa ndefu kwa karibu sekunde 1.05.

Umeme ukikatika, hesabu yote inafutika. Shule nyingi kwa hiyo huhitaji pia chipu ya DS3231, yenye kristali yake inayofidia joto na betri ndogo ya kuishikia saa umeme usipokuwepo. Mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi sehemu 2 katika milioni kwenye joto la nyuzi 0 hadi 40, ambalo ni kama dakika moja kwa mwaka. Umeme unaporudi, programu inaisoma DS3231 mara moja ndani ya `setup()`, inaijaza `sekunde`, na Timer1 inaendelea kuhesabu kutoka hapo.