Mchapakazi kwa ushahidi gani?

Katika miaka yote ya kusoma barua za maombi ya kazi, sijawahi kukutana na mwombaji aliyeandika kwamba yeye ni mvivu. Wote ni wachapakazi, wote wanajituma, wote wanapenda kushirikiana na wenzao. Ndiyo maana nikifika kwenye sentensi hiyo jicho linairuka lenyewe. Haina kosa. Tatizo lake ni kwamba hata nikiwa na simu mkononi sina la kumuuliza mtu. Nimpigie bosi wake wa zamani nimuulize, "Eti huyu ni mchapakazi?" Atajibu "Ndiyo, alikuwa kijana mzuri," kama anavyojibu kwa kila mtu, na mazungumzo yataishia hapo.

Mwaka jana mpwa wa jirani yangu aliniletea wasifu wake niupitie. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili na miezi minne akitunza stoo ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, na sasa alikuwa anaomba nafasi kama hiyo kwenye ghala kubwa zaidi. Juu kabisa aliandika: "Mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi na watu wa aina zote." Kazi yenyewe ya stoo ilipewa mstari mmoja tu: "Kupokea na kutoa mizigo."

Nikaiweka karatasi pembeni, nikamuuliza siku yake ya kazi ilikuwaje.

"Dada, kikubwa kilikuwa saruji," akasema. Semi lilikuja na mifuko 600, yaani tani 30. Alipoanza, utaratibu ulikuwa wa kuandika kwenye leja idadi iliyo kwenye hati ya mzigo, halafu vibarua wanashusha, dereva anaondoka. Mwisho wa mwezi stoo ikihesabiwa, leja inasema hivi na mifuko iliyopo inasema vingine. Ilipungua mifuko 20, mwezi mwingine 30. Yeye akaanza kusimama nyuma ya semi, anahesabu kila mfuko unaposhuka, waliochanika anawatenga, na dereva hatoki getini mpaka asaini upungufu kwenye nakala ya hati. Baada ya hapo, kwa miezi sita mfululizo, tofauti haikuzidi mifuko minne.

Hayo hayakuwamo kwenye wasifu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema alidhani ni mambo madogo ya stoo.

Tukaanza kuandika upya. Nilimtaka ajibu maswali manne, na akishindwa moja tulirudi nyuma: hali ilikuwaje kabla, wewe mwenyewe ulifanya nini kwa mikono yako, ilikuwaje baadaye, na ni nani au karatasi gani inayoweza kulisema hilo bila wewe kuwepo. Swali la nne ndilo watu wengi hawajiulizi, na ndilo ninalolipima zaidi ninapoajiri. Kwake jibu lilikuwepo. Karatasi za kuhesabu mali zilisainiwa na mhasibu kila mwisho wa mwezi, na mhasibu huyo bado yupo pale pale.

Rasimu ya kwanza ilisema: "Nilipunguza upotevu wa saruji kwa asilimia 80 au zaidi." Hesabu haina kosa, maana kutoka 20 hadi 4 ni asilimia 80, na kutoka 30 ni zaidi. Lakini asilimia peke yake haimwambii msomaji kama tunazungumzia mifuko mitano au elfu tano, na mtu aliyezoea stoo ataanza kushuku. Nikamwambia arudishe mifuko yake.

Kisha nikamuuliza jambo lililomfanya anyamaze kidogo: katika miezi hiyo hiyo, nini kingine kilibadilika pale kazini? Akakumbuka. Bosi alibadilisha kufuli za stoo mwezi mmoja baada ya yeye kuanza kuhesabu. Basi hatuwezi kuapa kwamba mifuko yote iliokolewa na kijana aliyesimama nyuma ya semi. Mhasibu akipigiwa simu atakumbuka kufuli, na kama wasifu umezificha, ndipo hata lile la kweli litakapoanza kunuka. Mstari wa mwisho ukawa hivi:

"Nilianzisha utaratibu wa kuhesabu saruji mfuko kwa mfuko wakati wa kushusha na kumsainisha dereva upungufu. Pamoja na kufuli mpya za stoo, tofauti ya mwisho wa mwezi ilishuka kutoka mifuko 20 hadi 30 ikawa isiyozidi 4, kwa miezi sita. Hesabu zilisainiwa na mhasibu, ambaye ni mdhamini wangu wa pili."

Neno "mchapakazi" halimo. Halihitajiki.

"Ushirikiano" ulitusumbua zaidi, kwa sababu kila alipoanza kusimulia alisema "sisi tulifanya". Ni adabu yetu, mtu hajitutumui mbele za watu. Ila mwajiri hamwajiri "sisi". Nikamwomba siku moja tu ambayo mwenzake alikwama naye akaingia. Ikatoka ya karani wa mauzo aliyelazwa wiki tatu. Kijana alifungua stoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akamaliza kupanga mizigo ya siku, na kuanzia saa tatu akakaa kwenye mashine ya risiti. Jioni alikabidhi fedha pamoja na ripoti ya Z, ile inayotolewa na mashine kufunga mauzo ya siku, na zililingana. Hicho kinaulizika: karani yupo, bosi aliyepokea fedha yupo. Tukaandika wiki, kazi na makabidhiano. Jumla ya mauzo tukaiacha nje, maana hiyo ni siri ya duka, na mwajiri mpya akiona unamwaga siri za wa zamani anajua zamu yake inakuja.

Watu wengine hudhani barua ya kuthibitisha ajira itawasemea. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi kazi inapokoma. Idai, itunze. Lakini inaonyesha kwamba ulifanya kazi, haisemi uliifanyaje. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatamka wazi kwamba mwajiri halazimiki kukuandikia chochote kuhusu tabia au utendaji wako. Kwa hiyo ushahidi wa utendaji unaukusanya mwenyewe ukiwa bado kazini: unaandika tarehe, idadi na jina la aliyeona kwenye daftari lako. Nyaraka za kampuni usibebe.

Ambaye hajawahi kuajiriwa naye ana pa kuanzia. Mhazini wa kikoba cha watu 25 aliyefunga mzunguko wa mwaka huku daftari na sanduku vikilingana ana jambo ambalo mwenyekiti wake anaweza kulithibitisha kwa simu moja.

Na simu hiyo ipigiwe njia mapema. Nilimwambia kijana ampigie mhasibu kabla ya kutuma maombi na amsomee ule mstari wa saruji. Mhasibu akamsahihisha: miezi ilikuwa mitano, wa sita tofauti ilikuwa mifuko saba. Tukabadilisha.

Likabaki "mwaminifu". Hakutaka kulifuta.

"Funguo za stoo zilikaa kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwangu na kwa bosi. Hakuna mwingine."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu wa kazi mpaka naondoka."

Akachukua kalamu, akafuta neno, akaandika hayo ya funguo.