HTZ ya zamani siyo HTZ ya leo

Ukitafuta HTZ kwenye simu, utaziona hisa za Hertz, kampuni ya Marekani ya kukodisha magari. Herufi ni zilezile za zamani, ila hisa siyo zilezile.

Mei 2020, Hertz ilielemewa na madeni ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Oktoba, soko la hisa la New York, NYSE, likaiondoa. Hisa zikaendelea kuuzwa nje ya soko hilo kwa alama HTZGQ. Q ya mwisho ni onyo: kampuni iko kwenye kesi ya kufilisika.

Juni 30, 2021, kesi ikaisha. Hisa za zamani zikafutwa. Waliokuwa nazo wakapewa fedha taslimu, hisa mpya chache na haki ya kununua nyingine baadaye. Hisa mpya zikapewa alama HTZZ.

Novemba 9, 2021, zikaingia soko jingine, Nasdaq, kwa dola 29 kila moja, zikarudishiwa alama HTZ.

Kwa hiyo ukilinganisha bei ya 2019 na ya leo kana kwamba ni hisa moja, umepotea. Angalia tarehe kwanza.