Barua ya Wiki Tisa za Kukohoa

"Daktari, nasumbuliwa na kifua kwa muda mrefu." Sentensi hii husikika kila siku katika zahanati, na haimsaidii sana anayeisikia. Muda mrefu kwa mama mwenye mtoto mchanga ni siku nne, na kwa fundi aliyezoea vumbi ni miezi mitatu. Mgonjwa akikaa mbele ya meza huku foleni inamsukuma nyuma, husahau nusu ya aliyotaka kusema, na mengine huona aibu kuyataja. Ndiyo maana kipande cha karatasi kilichoandikwa nyumbani kwa utulivu kina kazi kubwa.

Barua ifuatayo ni ya mfano. Mwandishi wake ni seremala wa miaka 41 anayeishi Dar es Salaam.

"Daktari, shikamoo. Nakohoa tangu mwanzoni mwa Juni, sasa ni wiki ya tisa. Mwanzo kikohozi kilikuwa kikavu, siku hizi natoa makohozi ya njano, na mara mbili nimeona michirizi ya damu. Jioni nasikia homa. Usiku natoka jasho mpaka nabadilisha fulana, na mke wangu tunayelala naye chini ya feni hiyo hiyo hatoki jasho. Aprili nilikuwa na kilo 62, leo nimepima nina 54, na chakula sikitamani. Nimekunywa chupa mbili za dawa ya kikohozi, amoksilini siku saba, kisha siprofloksasini siku tano. Nilipata nafuu kidogo, halafu ikarudi. Ndugu yangu aliyekaa kwetu mwaka juzi alitumia dawa za TB. Mimi sijawahi kuzitumia. Sijapima VVU. Nyumbani tuko watano, mdogo kabisa ana miaka 3."

Seremala hakuandika kwamba ana kifua kikuu, na alifanya vizuri. Kazi ya barua ni kueleza, kutaja ugonjwa ni kazi ya vipimo. Lakini tabibu anayeisoma anapata mengi ndani ya dakika moja.

Kwanza ni zile wiki tisa. Mafua ya kawaida na vichomi vingi huwa vimeshapoa kabla ya hapo, na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatosha kumfanya mtoa huduma afikirie kifua kikuu. Kwa mwenye VVU hakuna haja ya kusubiri hata hizo wiki mbili. Bakteria wa ugonjwa huu, aliyetangazwa na daktari Mjerumani Robert Koch mwezi Machi 1882, ni mvivu wa kuzaliana: hujigawa mara moja kwa karibu siku nzima, ilhali bakteria wengine wengi hujigawa kwa kasi kubwa zaidi. Ndiyo sababu ugonjwa huingia polepole, na mgonjwa huzoea hali yake wiki baada ya wiki huku akilaumu vumbi la mbao.

Jasho ndilo gumu kulieleza, hasa Pwani. Nani halowi jasho Dar es Salaam mwezi wa Februari? Seremala amelitatua swali hilo bila kujua: feni ni moja, chumba ni kimoja, mke mkavu, yeye kalowa. Anayeandika kwamba anabadilisha nguo au shuka katikati ya usiku amesema jambo ambalo neno "joto" haliwezi kulifunika. Jasho hilo hutokana na homa. Mwili unaopambana na vimelea humwaga kemikali zinazopandisha joto, na homa inaposhuka usiku, mwili hujipoza kwa kutoa jasho. Kemikali hizo hizo hukata hamu ya kula na kuyeyusha misuli.

Hapo ndipo zinapoingia kilo. "Nimekonda" ni maneno ya kusalimiana mtaani, wakati kutoka 62 hadi 54 ni upungufu wa takriban asilimia 13 ndani ya miezi minne, kwa mtu ambaye hakufunga wala hakujinyima. Asiye na mizani ataje tundu la mkanda alilohamia, au suruali inayomvuka. Namba ya kilo ina kazi nyingine pia: dozi ya dawa za TB hupangwa kwa uzito. Kwa vidonge vya mseto vinavyotumika kwa watu wazima, mwenye kilo 62 hupewa vinne kwa siku, na mwenye 54 hupewa vitatu.

Mstari ambao wagonjwa wengi huuficha ni ule wa dawa walizonunua wenyewe. Hawataki kugombezwa. Amoksilini haiui bakteria wa TB. Siprofloksasini na jamaa zake huwagusa kidogo, na hapo ndipo penye hatari: mgonjwa hupata nafuu ya siku chache, kipimo huweza kuchelewa kuwaona, na bakteria hupata nafasi ya kujifunza usugu. Ile nafuu iliyokuja ikaondoka ni taarifa yenye thamani kuliko jina la dawa ya kikohozi.

Baada ya kuisoma, tabibu atampa kopo. Makohozi yanayotakiwa ni yale mazito yanayotoka kifuani, si mate, na kosa hili huharibu sampuli nyingi. Mgonjwa husukutua mdomo kwa maji, husimama mahali pa wazi mbali na watu, huvuta pumzi ndefu mara kadhaa, kisha hukohoa kutoka ndani. Sampuli ya asubuhi, kabla ya kula, ndiyo nzuri zaidi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa chini ya saa mbili, na huonyesha pia kama bakteria ana usugu kwa rifampisini, dawa muhimu kuliko zote katika tiba hii. Mashine hiyo hunasa hata mabaki ya bakteria waliokufa, kwa hiyo aliyewahi kutibiwa TB lazima aseme, la sivyo anaweza kuambiwa anaumwa kumbe amepona.

Hadubini, kwa upande wake, huwakosa wagonjwa wenye bakteria wachache, wakiwemo wengi wenye VVU. Pale Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa kliniki, nao huwaibua wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Jibu lao huthibitishwa tena maabara. Kwa hiyo kipimo kimoja kisichoona kitu hakimalizi habari ya mtu aliyepungua kilo nane. Picha ya eksirei hufuata, na magonjwa mengine kama saratani ya mapafu nayo huangaliwa.

Barua ina mpaka wake. Anayetema damu nyingi au anayeshindwa kupumua hana muda wa kutafuta kalamu, aende hospitali saa hiyo.

Ikithibitika ni TB ya kawaida, seremala atakunywa dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, bila malipo katika vituo vya serikali. Mkojo utageuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini, na hilo si tatizo. Macho yakiwa ya manjano au kuona kukififia, arudi haraka. Mtoto wake wa miaka 3 atachunguzwa, na asipokuwa mgonjwa atapewa dawa ya kinga. Mwishoni mwa mwezi wa pili makohozi yatapimwa tena, safari hii kwa hadubini, na mizani itasomwa upya: akivuka kilo 55, vidonge vitaongezwa.